Wanaimba ba be bi bo bu bila kukosea, ukiwaonyesha "bo" peke yake wanaduwaa

Mwalimu wa Makorora

Wadau habari za jioni. Nafundisha darasa la kwanza hapa Tanga mjini, watoto wamepita 80, madawati hayatoshi ila hilo tuliache leo. Irabu tumemaliza vizuri, tumeingia b. Nikawatungia shairi hili:

Ba be bi bo bu, haya twende,
Ba ya baba, be ya bega,
Bi ya bibi, bo ya boga,
Bu ya bubu, hasemi kitu,
Ba be bi bo bu, tumemaliza!

Jamani wameliimba mpaka wa darasa la pili wanalisikia dirishani wanaitikia. Wanapiga makofi, wanaonyesha bega, wanafanya boga kubwa kwa mikono. Mwalimu mkuu alipita akacheka akaniambia hongera. Nikasema basi, b imekwisha, kesho m.

Leo kabla ya kufuta ubao nikafunika silabi zote kwa daftari nikaacha "bo" tu. Darasa zima kimya. Mtoto mmoja anayeimba kuliko wote akasema "ba!" Nikamwambia tazama. Akasema "be?" Wengine wakaanza kucheka. Sasa najiuliza, nirudie shairi wiki nyingine au nimekosea mlango kabisa?

Kijana wa Chumbageni

Mwalimu pole, lakini hayo ndiyo matokeo ya kukaririsha. Ba be bi bo bu ni mambo ya zamani, mtoto anaimba sauti zisizo na maana. Achana na silabi, mpe neno zima. Andika "baba" chini ya picha ya baba, aione mara nyingi, ataisoma. Hivyo ndivyo wenzetu nje wanavyofanya.

Mama Wawili Pongwe

Naomba kuchomekea la kwangu. Wangu anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, huko wamemfundisha b inaitwa "bii". Nyumbani nikimwandikia "be" anasoma "bi". Nikimwandikia "bi" anasoma "bai". "Ba" ananiambia "bei". Nimemuuliza mwalimu wake anasema mtoto hana tatizo. Sasa huyu naye nimwimbishe hilo shairi au nitamvuruga zaidi?

Mstaafu wa Muheza

Mwalimu wa Makorora, shairi lako halina ubaya wa kutupwa. Ila kabla hujarudia wala hujaacha, kesho fanya jambo moja dogo ujue ugonjwa uko wapi.

Kata katoni, tengeneza kadi tano, kila moja silabi moja, andika kwa maka peni maandishi manene. Chagua watoto wachache tu, wanaoimba sana na wasioimba wamo. Mwite mmoja mmoja pembeni, wengine wawe wananakili kitu. Mwonyeshe kadi kwa mpangilio huu: bo, ba, bu, be, bi. Usimsaidie, usiitikie kwa kichwa. Halafu usisikilize jibu tu. Mtazame midomo.

Mtoto anayeijua "bu" ataisema kwa muda uleule anaosema "ba". Mtoto anayeimba atachelewa. Utaona midomo inacheza kimyakimya, ba, be, bi, bo, ndipo anatoa "bu!" kwa sauti na anakutazama kwa furaha. Jibu ni sahihi lakini hajasoma, amepanda ngazi kutoka chini. "Ba" yeye ni papo hapo, "be" anachelewa kidogo, "bu" ndiyo anachelewa kuliko zote. Ukiona kuchelewa kunaongezeka kwa kufuata mpangilio wa wimbo, basi umepata jibu lako. Akibahatisha ovyo bila kufuata mpangilio wowote, huyo tatizo lake ni jingine, hajaunganisha umbo la herufi na sauti, naye usimchanganye na wa kwanza.

Ukimaliza njoo useme.

Kijana wa Chumbageni, una nusu ya ukweli. Kuimba bila kutazama si kusoma, hapo niko nawe. Lakini neno zima kwa Kiswahili ni hasara. Lugha yetu karibu kila silabi inaishia na irabu, na irabu ni tano tu, na herufi inasomeka kama ilivyoandikwa. Mtoto akizishika hizo tano kwenye b, akija kwenye m kazi imebaki nusu, kwenye k imebaki robo. Ukimpa "baba" kama picha, kesho akikuta "babu" atakusomea baba, maana ameona umbo la mwanzo likamtosha.

Kijana wa Chumbageni

Sawa mwalimu, shikamoo. Ila bado nasema mtoto anahitaji maana.

Mstaafu wa Muheza

Marahaba mwanangu. Maana anaihitaji, ndiyo. Tutaifikia.

Mwalimu wa Makorora

Shikamoo mwalimu. Nimefanya. Nilichagua watoto kumi. Wawili walisoma kadi zote bila shida, na wote wawili nyumbani wana kaka na dada wanaosoma, nadhani walikuja wakijua. Mmoja alibahatisha, kila kadi kwake ni "ba". Waliobaki ni kama ulivyosema! Mmoja alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza. Kwa "bu" alifika kidole cha mwisho ndipo akasema. Nilitaka kucheka na kulia.

Na kingine. Yule anayesema kila kitu "ba", nilimpa imla ya "beba" akaandika "bba". Nikadhani amesahau. Nikampa "bebe" akaandika "bb". Mbona hivyo?

Mstaafu wa Muheza

Huyo ana mantiki kuliko unavyodhani. Mmemfundisha jina la herufi, a, be, che, de. Kwake ile alama b yenyewe inasema "be". Sasa kwa nini aongeze e? Herufi moja imemaliza kazi. Mtoto wa Mama Wawili naye angeandika "bibi" kwa herufi zilezile mbili, kwa kuwa kwake b ni "bii". Kosa moja, majina mawili.

Ndiyo maana mimi sikuwa nataja jina la herufi kwa wiki za mwanzo. Nilifunga midomo, naifungua kidogo, sauti fupi tu, halafu naivuta kuelekea kwenye irabu: b...a, ba. Watoto wanaitazama midomo yangu. Jina la herufi litakuja, halina haraka, hakuna neno linalosomwa kwa majina ya herufi.

Mama Wawili, mtoto wako b anaijua vizuri. Irabu ndizo zinampiga chenga, maana zilezile zinaitwa kwa majina mengine shuleni kwake. Usianze na shairi. Anza na a e i o u za Kiswahili peke yake mpaka zitulie, na umwambie wazi kwamba hapa tunasoma Kiswahili. Watoto wanaelewa kubadilisha lugha, mbona akisema na bibi yake habadilishi vibaya.

Sasa shairi. Mwalimu, lina mambo matatu ninayoyaona.

La kwanza ni hilo la mpangilio. Ba be bi bo bu mwanzo, katikati na mwisho, haijawahi kuja kwa namna nyingine. Wimbo wenyewe ndio unawaambia kinachofuata, macho hayana kazi.

La pili, mtoto hawezi kulisoma. Ana b na irabu tano. Wewe umempa "twende", umempa "bega" yenye g, "hasemi kitu", "tumemaliza". Hata ukiliandika ubaoni atalitazama tu kama ukuta. Basi atalisema kwa kichwa, hana njia nyingine.

La tatu nitasema polepole. Hiyo "bubu, hasemi kitu". Darasa la watoto 80 halikosi mtoto mkimya, mwingine ana kigugumizi, mwingine hasikii vizuri na hamjajua bado. Kabla ya mapumziko atakuwa ameshapewa jina.

Mwalimu wa Makorora

Ameshapewa. Kuna mmoja, tangu Januari nimemsikia mara chache sana. Juzi wenzake walimwimbia mstari huo. Nilidhani ni utani wa kupita. Naufuta kesho.

Malenga wa Ngamiani

Nimepita nikaona neno shairi nikasimama. Mwalimu kwa heshima, ulilotunga si shairi, mistari yako haina mizani wala vina. Mstari wa kwanza una mizani tisa, wa pili nane, wa mwisho kumi. Watoto wakizoea hivyo wataharibika masikio. Nakutungia hapa hapa:

Ewe be herufi njema, waanzia jina baba,
Tumbo mbele lasimama, nyuma fimbo umekaba.

Nane kwa nane, kina cha kati ma, cha mwisho ba. Nikipata kahawa nitaongeza beti nne.

Kijana wa Chumbageni

Malenga, watoto wa miaka sita hao.

Mstaafu wa Muheza

Malenga, umetunga vizuri, na bila kujua umetupa dawa ya jambo lingine nitakalolirudia. Lakini hilo ni shairi la kuisifu b, na sisi tunatafuta shairi la kuisoma. Nakupa kazi ngumu zaidi, tuone. Tunga kwa b na irabu tano tu. Herufi nyingine hairuhusiwi hata moja. Mizani zako nane nazitaka, maana mizani moja ni silabi moja, na silabi moja ni kofi moja la mtoto. Hapo ndipo fani yako na kazi yetu zinakutana.

Malenga wa Ngamiani

B na irabu tu? Hapo hata "na" sina! Hata "ni" sina! Nipeni usiku huu.

Ustadhi Tongoni

Assalaam alaykum. Mimi nafundisha chuo cha Kurani, watoto haohao wa shule jioni wanakuja kwangu. Kwetu tunaanza be fatha ba, be kasra bi, be dhuma bu. Wengi wanafika shuleni wakiwa na ba bi bu tayari masikioni. Be na bo hazipo katika hesabu ile, kwa hiyo nadhani ndizo zinazowapa shida, be wanaivutia kwenye bi na bo wanaivutia kwenye bu. Mwalimu angalia kama waliokwama "bo" si wanafunzi wa chuo.

Na jambo jingine, sisi tunaandika kutoka kulia. Nimeona daftari za shule za watoto wadogo, mtoto anaandika "ab" akikusudia "ba". Si mjinga, ameanzia upande anaoujua.

Mstaafu wa Muheza

Wa alaykum salaam ustadhi. La upande wa kuanzia ni kweli tupu, nimelikuta miaka yote. Dawa yake ilikuwa nukta moja ya rangi upande wa kushoto wa kila mstari wa daftari, mtoto anaambiwa anza penye nukta. Baada ya muda nukta inaondoka yenyewe.

La be na bi sina uhakika kama mlango ni chuo. Muheza nilikuwa na watoto ambao hawajawahi kukanyaga chuoni na walichanganya vilevile. Mdomo wa e na wa i uko karibu, na o na u vilevile. Mtoto akisikia haraka haraka darasani kwenye kelele hatofautishi.

Ustadhi Tongoni

Huenda ni yote mawili. Kwangu bado naona waliotangulia chuoni wanakosea zaidi upande huo. Nitaendelea kuwatazama.

Malenga wa Ngamiani

Sikulala vizuri. Pokeeni:

bi bo, bi bo, bibi, bibo,
be ba, be ba, beba bibo!
ba o, ba o, babu, bao,
be ba, be ba, beba bao!
bu i, bu i, buibui,
beba babu, buibui!

Hesabuni wenyewe, kila mstari nane. Vina viwili viwili: bo, o, i. Hakuna herufi ngeni hata moja. Buibui kumbeba babu nimeweka kwa makusudi, mjukuu wangu nilipomsomea aliniangukia kwa kicheko.

Mwalimu wa Makorora

Malenga!! Hili nimelipenda. Bibi ana bibo, babu ana bao, halafu buibui anaharibu mambo. Naliandika ubaoni kesho.

Mstaafu wa Muheza

Malenga, kofia naivua. Tazameni alichofanya: "bi bo, bi bo" zinakuja zimetengana, kisha "bibo" inakuja imeungana. Mtoto anapiga makofi mawili kwa silabi zilizotengana, halafu neno analisema kwa pumzi moja. Hapo ndipo wengi wanapokwama, anasoma "ba! ba!" kwa nguvu sawa kama anaita mbuzi, haisikiki kama baba anayemjua. Kiswahili kinatia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mwambie aimbe neno kama anavyolisema nyumbani. Akilisikia, uso utabadilika. Kijana wa Chumbageni, hiyo ndiyo maana uliyokuwa unaitafuta.

Sasa mwalimu, usiliimbe kwanza! Ukiliimba mara tatu tu wameshalishika kichwani na tumerudi palepale. Liandike, waache walisome silabi kwa silabi kwa kufuata kijiti chako. Wimbo uje mwisho.

Na siku inayofuata badilisha maneno bila kuwaambia. Andika "beba bibi, buibui" mahali pa babu. Anayesoma atacheka au atakuuliza. Anayeimba atasema babu, atapita.

Kijana wa Chumbageni

Hiyo ya kubadilisha neno nimeikubali. Kwa watoto 80 lakini? Kadi moja moja utamaliza mwezi.

Mstaafu wa Muheza

Kwa darasa kubwa tumia mistari ya madawati. Mistari mitano, kila mmoja silabi yake, kadi mbele ya dawati la kwanza. Ukielekeza kijiti kwenye mstari, mstari huo unasimama na kusema silabi yake. Elekeza mstari wa bi kisha wa bo: darasa limesema bibo. Elekeza be kisha ba. Wanaosubiri wanatazama kijiti maana hawajui zamu itaangukia nani, na wimbo hauwasaidii kwa kuwa mpangilio unaupanga wewe.

Hasara yake ni kwamba mtoto wa mstari wa bo ataijua bo tu. Kwa hiyo kadi zihame kila siku, wasihame watoto, fujo yake utaijutia.

Mwalimu wa Lushoto

Mimi niko huku milimani. Shairi zuri, ila bibo kwetu hakuna, mikorosho haioti kwenye baridi hii. Watoto wangu wengi hawajawahi kuliona. Nimewasomea wakasoma sawasawa kisha wakaniuliza bibo ni mnyama gani.

Mwalimu wa Makorora

Hata hapa pwani, mabibo ni ya mwishoni mwa mwaka, na b tunaifundisha mwanzoni. Nimechora ubaoni na korosho yake inaning'inia chini. Wangu wanalijua, ila kuna mmoja alisema nimechora pilipili hoho.

Mstaafu wa Muheza

Lushoto, neno asilolijua mtoto si haramu. Ni kipimo kizuri kwamba anasoma kweli, hana cha kukisia. Mimi huwa natumia hata maneno yasiyokuwepo, "bobi", "bube". Akikusomea "bibi" kwenye "bobi" umeshajua anakisia. Lakini shairi zima lisiwe hivyo, maana akisoma neno asilolijua hawezi kujihakiki mwenyewe kama amepatia. Kwako toa mistari miwili ya juu, baki na babu na buibui.

Mwalimu wa Lushoto

Nikitoa bibo, bo imetoweka kabisa. Hebu tazameni vizuri. Katika shairi lote bo imo kwenye bibo tu. Na silabi yenyewe ndiyo iliyoanzisha uzi huu!

Malenga wa Ngamiani

Umenipata. Nimekaa natafuta neno linaloanza na bo lenye b na irabu peke yake ambalo mtoto analijua. Bobea? Hata wazee hawalitumii kila siku. Boga lina g. Boti lina t. Bonde lina nd. Lugha imeninyima.

Mama Wawili Pongwe

Kwani "embe" na "mbuzi" haviwezi kuingia? Wangu anapenda embe.

Mstaafu wa Muheza

Hapana dada, mb ni ukoo mwingine, mba mbe mbi mbo mbu. Mdomoni inaanzia puani, na kwa mkono ni herufi mbili kabla ya irabu. Mtoto wa wiki ya kwanza ya b ukimpa embe atakusomea "e-m-be" akwame katikati. Zitakuja baada ya m kutulia. Hata bwa ni hivyohivyo.

Kijana wa Chumbageni

Mpeni jina basi. Paka anaitwa Bobo. "Bobo, Bobo, beba babu." Nane hizo, nimehesabu kwa vidole.

Malenga wa Ngamiani

Haya huyu naye amekuwa malenga! Lakini paka kubeba babu na buibui kubeba babu, babu huyu amechoka sana.

Mwalimu wa Lushoto

Bobo naichukua. Ila sasa jina linaanza kwa herufi kubwa. Watoto wangu B kubwa hawajaiona.

Mwalimu wa Makorora

Na hilo nililitaka niulize. Malenga ameandika yote kwa herufi ndogo. Mimi nikaandika kila mstari uanze na kubwa kama tunavyofundishwa. Watoto kadhaa wakaruka silabi ya kwanza ya kila mstari, wakaanza kusoma ya pili. Nilidhani hawaoni mbali.

Mstaafu wa Muheza

Hawaoni B. Kwao ni mchoro usio na jina. Wiki ya kwanza andika yote ndogo, hata mwanzo wa mstari.

Mwalimu wa Lushoto

Mkaguzi akija akakuta "bobo" kwa b ndogo atanihoji. Kwangu walishawahi kumwandika mwenzangu kwa hilo. Mimi nitaweka zote mbili kwenye kadi moja, B juu, b chini, wazizoee pamoja.

Mstaafu wa Muheza

Fanya unavyoona, mimi nimezoea moja kwanza. Sijasema njia yako haifiki.

Nilisema nitarudi kwa Malenga. Ule mstari wake, "tumbo mbele, nyuma fimbo". Itakapofika d watoto wataanza kusoma baba kama dada, hiyo haikwepeki kwa mtoto wa miaka sita, maana kikombe ukikigeuza ni kikombe, kwa nini herufi ukiigeuza iwe nyingine? Sasa hivi, kabla d haijaja, wazoeze mkono. B inaanza na fimbo: shuka kutoka juu mpaka chini, panda tena katikati, ndipo uzungushe tumbo kuelekea mbele, upande tunakokwenda kuandika. Waandike hewani, mchangani, mgongoni mwa mwenzake, huku wanasema "fimbo, tumbo, ba". D itakapokuja utaanzia tumbo. Mkono ukishazoea kuanza tofauti, macho yanaamini mkono. Na usiziweke jirani, pitisha m, k, l hapo katikati kwanza.

Malenga wa Ngamiani

Kumbe na ule mstari wa kwanza haukupotea. Nimefarijika.

Mwalimu wa Makorora

Mrejesho mfupi. Nimetumia mistari ya madawati na shairi la buibui, nikabadilisha "babu" kuwa "bibi" mstari wa mwisho. Karibu nusu ya darasa waliimba "babu" kwa nguvu zote. Lakini kuna sauti zilisema "bibi" na zikabishana na wenzao, "siyo babu, tazama!" Nikawaacha wabishane mpaka wote wakainua macho ubaoni. Kadi za bo na bu bado wengine wanahesabu kwa midomo, wachache kuliko mwanzo. Yule wa "bba" leo ameandika "beba" kamili mara mbili, ya tatu akarudia "bba". Yule mkimya hajasema, lakini mstari wake ulipofika alisimama na kadi akaiinua.

Swali: nihamie m wiki ijayo au nisubiri wote?

Kijana wa Chumbageni

Ukisubiri wote utakuwa kwenye b mpaka Desemba.

Mstaafu wa Muheza

Hama, lakini b uihamishe nayo. Ukishakuwa na m una "mama", "mimi", "bomu" hilo liache, una "ambia" usiiguse bado, una "oma" haipo... Malenga, b na m na irabu, kazi yako hiyo. Wanaohesabu kwa midomo wape kadi za b dakika tano kila asubuhi kabla ya vipindi, wao tu, mpaka "bu" itoke kwa kasi ya "ba".

Mama Wawili Pongwe

Wangu jana nilimwandikia "beba" akasoma "biba". Nikamwambia tunasoma Kiswahili. Akaitazama tena akasema "beba". Halafu akaniuliza, kwani hiyo herufi ina majina mangapi? Nimjibu nini?

Ustadhi Tongoni

Mwambie akija kwangu ataongezewa la tatu.

Malenga wa Ngamiani

B na m... "mimi, mama, amu, ami"... Mwalimu, "umbu" naruhusiwa?

Mstaafu wa Muheza

Malenga!